Eti oili ni kama maziwa! Nimetoka dukani sasa hivi, mikono bado inatetemeka

Wanadodoma, mnamjua. Sina haja ya kumtaja, kila mwenye gari mji huu ameshawahi kununua spea kwake na kurudi nyumbani na hasira.

Nina IST, inakunywa lita 3.7 ukibadilisha na filta. Nimeuliza bei kistaarabu kabisa. Chupa ya lita moja 19,000. Galoni la lita 4 ni 68,000, la lita 5 ni 80,000, ndoo ya lita 20 ni 280,000. Oili ileile, 5W-30 ileile. Nikatoa simu nikagawanya: 19,000, 17,000, 16,000, 14,000 kwa lita. Nikasema nipe ndoo.

Akacheka hadi akashika kaunta. Watu wamejaa dukani, akapaza sauti kama anahubiri uwanja wa Jamhuri: "Kaka, oili ni kama maziwa! Ukishafungua, wiki mbili imechacha. Wewe na kigari kimoja ndoo ya nini?"

Kigari kimoja! Mbele ya mama mmoja na mwanawe!

Na akisema hayo, nyuma yake kuna pipa la oili limefunikwa tambara. Tambara, jamani! Anachota kwa jagi kuwauzia bodaboda toka mwaka juzi. Hilo pipa lake ni mtindi?

Mgogo_Halisi: Pole mkuu. Ila ulinunua au hukununua?

Mwanzisha uzi: Nilinunua galoni la lita 4 nikaondoka. Ningefanyaje, wote walikuwa wananitazama. Kama maziwa!

Kizota_Boy: 😂😂 IST ndoo nzima, ulitaka kukaangia chipsi? Halafu oili haiharibiki, imekaa ardhini mamilioni ya miaka.

Stoo_Kiipa: Kizota, kilichokaa ardhini ni mafuta ghafi, hayana viambato vilivyotiwa kiwandani. Mimi nimetunza stoo ya karakana ya malori miaka 11. Isiyofunguliwa, kampuni nyingi huipa kama miaka mitano. Ikifunguliwa haichachi kwa wiki mbili, huyo amekudanganya. Kinachoiua ni maji na vumbi. Hapa kwetu mchana jua kali, usiku baridi: hewa ndani ya chombo inatanuka halafu inasinyaa, kifuniko kikilegea kinavuta vumbi na unyevu. Kifuniko kikikaza, ukaweka ndani ya nyumba, mimi hujipa mwaka mmoja na sijawahi kujuta. Ukiwa na wasiwasi, mimina kidogo kwenye chupa ya kioo uitazame juani. Ikiwa na ukungu mweupe, ina maji. Ukiona mchanga chini, usiitie kwenye injini.

Ila kwa gari lako, mkuu, ningechukua la lita 5. Sevisi ya kwanza inabaki 1.3. Ya pili unaanza na hiyo 1.3, unaongeza 2.4 kutoka galoni jipya, inabaki 2.6. Ya tatu unaanza na 2.6, unaongeza 1.1, inabaki 3.9. Ya nne hununui kitu. Magaloni matatu, 240,000, sevisi nne: 60,000 kila moja. Ndoo inakupa sevisi tano, yaani 56,000. Unaokoa 4,000 tu, na ukifanya sevisi kila miezi sita, ndoo inakaa wazi miaka miwili. Kwa kuzungusha magaloni, oili yako ya zamani kabisa haizidi miezi sita. Sharti iwe aina ileile na namba ileile.

Mwanzisha uzi: Kwa hiyo kweli sikuhitaji ndoo. Sawa. Lakini angeniambia hivyo! Si kusema maziwa!

Mama_Ipagala: Sisi tuna magari mawili na mume wangu, ndoo inaisha mwaka haujafika. Kwetu inalipa.

Boda_Nkuhungu: Mbona hamtuongelei sisi wa jagi? Pikipiki yangu lita moja tu. Juzi nimepimiwa kutoka pipa la tambara, bei karibu sawa na chupa iliyofungwa! Nimeifungua baada ya siku nne, nyeusi tii.

Stoo_Kiipa: Nyeusi peke yake si ushahidi, oili inasafisha uchafu wa injini. Ila kama bei ni karibu sawa, chukua chupa yenye lakiri.

Boda_Nkuhungu: Siku nne, mzee! Siku nne!

Kizota_Boy: Nyie mnahesabu oili inayobaki. Mafundi wenu huwa wanawaachia? Yangu kila sevisi inabaki robo lita, nikigeuka galoni halipo.

Mama_Ipagala: Hapo umenigusa! Wangu alichukua galoni, filta ya zamani na jeki yangu.

Mgogo_Halisi: Jeki?! Fungua uzi wako, mama, huyo fundi nadhani namjua.