Kutoka redio hadi kampuni ya mgodi: je, ni kuuza kalamu?

Muulizaji, Katuba: Nimesoma habari redioni hapa Lubumbashi miaka mingi. Kampuni ya shaba inatafuta mtu wa mawasiliano. Wenzangu wanasema nikienda nimeuza kalamu, na kampuni nayo haioni redio imenifundisha nini cha kuifaa. Mnasemaje?

Wa Bel-Air: Mdogo wangu, nilipita njia hiyo, na leo ndiye ninayesoma maombi. Wengi huandika "nilihoji magavana". Hilo halimsaidii mwajiri. Sisi tunatoa jaribio: lori la asidi limepinduka njia ya Kolwezi, una dakika 45, andika komunike, yaani taarifa rasmi ya kampuni. Mmoja alileta kurasa mbili akianza na mwendo wa dereva na nani alaumiwe. Kwa redio ni habari nzuri. Kwa komunike ni hatari, maana uchunguzi haujaanza na neno lolote kuhusu kosa litarudi mahakamani. Aliyepata kazi aliandika mistari sita: mahali na saa, kilichothibitishwa, watu wasichote maji ya mto ule mpaka yapimwe, namba ya kupiga, saa ya taarifa inayofuata. Chini akaongeza maswali ambayo redio zingeuliza jioni, na nani mgodini ana majibu. Hayo aliyajua kwa sababu alikuwa akiyauliza yeye. Kwa hiyo andika hivi: "Ajali ilitokea saa tisa, saa kumi na moja nilikuwa nimeithibitisha kwa watu watatu na kuisoma kwa Kifaransa na Kiswahili."

Mama wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi: Tamko la Munich la 1971 la wajibu na haki za waandishi wa habari linakataza mwandishi kuchanganya kazi yake na matangazo ya biashara. Basi ni usaliti.

Wa Bel-Air: Mama, linakataza kuchanganya, halikatazi kuhama. Akihama, aache kabisa kusoma habari. Mimi naogopa kingine: kampuni inayotaka namba zako za simu tu, ili ugawe bahasha za pesa kwa wanahabari wenzako. Kwenye mahojiano uliza utaripoti kwa nani, na kama utaingia kikao cha dharura. Wakikuuliza wao kwanza, "Unaweza kuzuia habari isitoke?", ondoka.

Kijana wa Ruashi: Yaya, mimi napiga picha za harusi. Na sisi wanatuchukua?

Baba, kijiji cha karibu na mgodi: Sheria ya migodi ya 2018 inataka angalau asilimia 0.3 ya mauzo iende kwa maendeleo yetu. Sisi tunahitaji mtu atakayetusomea ahadi za kampuni kwa Kiswahili. Mwanangu, nenda.

Mama wa Kenya: Na hesabu ya mauzo ikifichwa, atawaambia nini?

Wa Bel-Air: Atasema hana ruhusa ya kuitoa. Hatasema haipo.

Mama wa Kenya: Redioni angeitafuta mpaka aipate. Hilo halinitoshi.