Naomba ushauri: ujumbe huu wa matunzo ya mama niutume kwenye grupu la familia?

Habari zenu wakuu. Mama yetu ana miaka 78, kiharusi kimempooza upande mmoja, anaishi Muheza na dada yetu mkubwa. Tuko wanne. Kila mtu hutuma hela akijisikia, na mwisho wa mwezi dada anakopa dukani. Nimeandika hivi:

"Shikamooni kaka na dada. Mdogo wangu, hujambo? Mama anatumia 400,000 kwa mwezi: chakula 130,000, msichana wa kazi 100,000, pampasi 90,000, dawa na nauli ya kliniki 80,000. Naona dada asitoe hela, maana ndiye anayeamka usiku kumgeuza mama asipate vidonda. Kwa kuangalia vipato, kaka atoe 200,000, mimi 120,000, mdogo wetu 80,000, kabla ya tarehe 5. Kila miezi mitatu mmoja wetu aende wiki nzima, dada apumzike."

Wasiwasi wangu ni kaka. Mshahara wake mkubwa, ila ana watoto wawili chuoni, na mimi ni mdogo kwake. Nimpigie kwanza pembeni? Na dada tumwekee posho kidogo, au ataona tunamlipa kumtunza mama yake?