Vitabu vimeingia kwenye Kindle kwa waya toka kwenye simu lakini havionekani, msaada

Mwl wa Nansio
Habari zenu wakuu. Mi ni mwalimu huku Nansio, Ukerewe. Wiki iliyopita nilivuka kwenda Mwanza mjini nikanunua Kindle Paperwhite ya mtumba, ile ya 2018 yenye tundu la chaji la zamani, ndo ya kwanza kuwa nayo. Kompyuta sina, ya shule iko ofisini kwa mkuu na foleni yake mnaijua, kwa hiyo kila kitu nafanya kwa simu. Nikashusha vitabu 12 vya epub toka Project Gutenberg, nikanunua kale kapini ka OTG pale Makoroboi nikakachomeka kwenye simu, upande wa pili waya ukaingia kwenye Kindle. Mwanzo simu haikuona kitu, Kindle inachaji tu, nikaazima waya wa jirani na huo ukakubali, kioo kikaandika USB Drive Mode na kwenye mafaili ya simu ikatokea Kindle, ndani kuna folda inaitwa documents, nikabandika vyote humo. Nachomoa, hamna hata kimoja. Nachomeka tena, viko vyote 12! Nimezima nimewasha, wapi.

Nikasema basi nitumie imeili, nikatuma kitabu kimoja kwenye ile anwani yangu ya @kindle.com, toka juzi jioni kimya. Nauli ya kuvuka tena mjini kumfuata aliyeniuzia sina. Nakosea wapi?

Sangara_Mnene
Mwalimu unajitesa bure, weka apu ya Kindle kwenye simu usome humohumo, mi toka nianze hivyo sijawahi kutafuta waya.

Mwl wa Nansio
Asante mkuu ila nimenunua kifaa ili nipumzishe macho na simu. Mwanga wa simu usiku unaniumiza kichwa, afu chaji yenyewe hii ya kubangaiza.

Fundi Igoma
Hiyo ni waya dada. Waya nyingi za bei rahisi ndani zina nyuzi mbili tu za umeme, za data hazimo, ndo maana inachaji halafu simu haioni kitu. Tafuta waya mzuri. Na jingine, Kindle haijui epub, kwa hiyo shika faili lako ulibadilishe jina, pale mwisho futa .epub andika .mobi, litasoma.

Baba Kulwa
Fundi kwenye waya umesema kweli kabisa ila sio ugonjwa wa mwalimu, yeye waya wa pili umeshafungua USB Drive Mode na faili zimeingia, huo waya ni mzima. Na kwamba Kindle haijui epub hapo pia umepatia. Ila hilo la kubadili jina hapana. Ni sawa na kuchukua ndoo ya dagaa ukaandika sato, ukifunua ni dagaa walewale. Faili ndani linabaki epub, Kindle itakuambia haiwezi kulifungua.

Mwalimu shida yako ni hii. Kwa waya, Kindle inachukua faili kama lilivyo, haligeuzi. Ikikuta epub ndani ya documents inaipita kama haipo, haikupi ujumbe wowote, ndo maana unaviona kwenye simu lakini kwenye Library havipo. Kwa waya inataka azw3 au mobi, na pdf na txt pia inasoma. Kwa imeili mambo yamegeuka: kule faili linapita kwanza kwenye seva za Amazon, zinaligeuza halafu ndo linashuka kwenye kifaa, na toka 2022 kule epub inakubaliwa vizuri, mobi ndo imefungiwa mlango. Waliozoea zamani wanachanganyikiwa sana hapo maana enzi hizo imeili ilikuwa inataka mobi na epub inarudishwa, na maelezo ya enzi hizo bado yamejaa mtandaoni.

Kwa hiyo wewe bila kompyuta una bahati maana vitabu vyako ni vya Gutenberg. Rudi kwenye ukurasa wa kitabu, chini ya ile epub kuna chaguo limeandikwa Kindle, shusha hilo. Anza na kimoja tu. Kibandike documents, halafu kwenye simu bonyeza Eject kabla hujachomoa, usichomoe ghafla maana faili linaweza kukatika katikati. Ikiwa bado imeshika USB Drive Mode haikuoneshi vitabu, mpaka uchomoe. Zile epub 12 zifute, zinakula nafasi bure.

Kobo ya Kirumba
Ndo maana mi nilinunua Kobo. Epub natupia tu ndani kwa waya, inauliza Connect nakubali, nikichomoa inavipanga yenyewe, sijui habari za kugeuza wala imeili. Mwalimu ungeuliza kabla ya kununua.

Baba Kulwa
Kobo ni nzuri ila mwenzio keshanunua. Tumsaidie na alichonacho.

Mwl wa Nansio
BABA KULWA WABEJA SANA. Nimeshusha kimoja cha Kindle, nikabandika, Eject, nikachomoa, kikatokea palepale juu kabisa. Nimeshusha na vingine vitano. Ila sita vilivyobaki nilikosea kusema ni vya Gutenberg, nilivipata kwa rafiki, vyote epub na hakuna pa kuchagua. Hivyo nadhani lazima imeili, na imeili bado kimya.

Baba Kulwa
Sawa, nijibu matatu. Umesema ya mtumba: ingia Settings halafu Your Account, jina lililopo ni lako au la mwenye nayo wa kwanza? Kama ni la mwingine, kila unachotuma kwenye anwani yako hakiwezi kushuka kwenye kifaa hicho. La pili, hapohapo kuna Send-to-Kindle Email, linganisha herufi kwa herufi na ulikotuma. La tatu, ulituma kutoka Gmail ipi, na akaunti ya Amazon ulifungua kwa Gmail ipi?

Mwl wa Nansio
Jina ni langu, niliisajili gesti kule mjini kwa waifai yao. Anwani ni sahihi nimeiangalia mara tatu. Gmail hapo sasa... simu ina mbili, Amazon nilifungua na ile ya zamani, hii ya kazi ndo inajiweka yenyewe kila nikituma kitu.

Baba Kulwa
Umejijibu. Amazon haipokei faili toka kwa yeyote tu, ingekuwa hivyo kila mtu angekujazia takataka. Ina orodha ya imeili zilizoruhusiwa na ya kwanza humo ni ile uliyofungulia akaunti. Unaweza kutuma kutoka hiyo ya zamani, kwenye Gmail gusa ile sehemu ya From uibadilishe. Au ongeza ya kazi kwenye orodha: fungua kwa brauza ya simu

```
amazon.com/myk
```

ingia Preferences, shuka mpaka Personal Document Settings, chini kuna Approved Personal Document E-mail List, ongeza hapo. Na ukishatuma kachungulie inboksi ya ile Gmail ya ZAMANI, wakati mwingine wanatuma ujumbe wa kukuuliza kama kweli ni wewe, unabonyeza Verify Request ndani ya saa 48, ukichelewa unatuma upya.

Dada Malimbe
Nadandia hapa jamani. Mi nina noti za chuo, pdf ya MB 38, nasikia imeili ya Kindle inapokea hadi MB 50 lakini yangu haifiki kamwe na anwani niliiruhusu.

Baba Kulwa
Kindle inapokea 50 ila Gmail yenyewe inaishia 25. Ukizidisha inaligeuza kuwa kiungo cha Drive bila kelele, kwa hiyo kilichofika kule ni barua yenye kiungo, faili halimo. Tumia amazon.com/sendtokindle kwenye brauza, pale hadi MB 200 inapita. Au kwenye simu shika faili, bonyeza kushea, chagua apu ya Kindle, hiyo Sangara aliyoisema juu, hapo ndo ina kazi.

Dada Malimbe
Ikifika maandishi hayatakuwa madogo? Kuna mtu aliniambia niandike convert kwenye kichwa cha imeili.

Baba Kulwa
Convert inafanya kazi kama pdf imetokana na maandishi ya kuchapwa. Kama noti zako ni karatasi zilizopigwa picha, kule ndani ni picha, hakuna herufi za kukuzwa. Utageuza kioo kilale usome nusu ukurasa nusu ukurasa. Inachosha, sikudanganyi.

Mwl wa Nansio
Nimerudi. Ujumbe wa Verify nimeukuta kwenye ile Gmail ya zamani, wa toka juzi, umeshapitwa. Nimetuma upya nikabonyeza, na kwenye apu ya simu kitabu nakiona kabisa! Kwenye Kindle bado. Nimewasha hotspoti ya simu ila Kindle haiioni, inaona waifai ya zahanati tu ambayo neno la siri sina.

Fundi Igoma
Hapa najua, hapa ni kwangu. Hotspoti yako iko 5 GHz. Kindle hiyo ya 2018 inasikia 2.4 tu, 5 kwake ni kama haipo. Ingia setingi za hotspoti kwenye simu, tafuta Band au AP Band, weka 2.4 GHz, zima uwashe. Afu kwenye Kindle gusa Sync.

Mwl wa Nansio
Fundi umenilipa deni la ile mobi 😂 vimeshuka vyote sita, na bando limeliwa kidogo sana, havifiki hata MB 10 vyote. Swali la mwisho, nikivifuta ili kupata nafasi vinapotea?

Baba Kulwa
Vya imeili vinabaki kwenye akaunti, ukitaka unavishusha tena, na ukisoma kwenye simu ukurasa ulioishia unakufuata. Vya waya vipo kwenye kifaa tu, ukifuta umefuta. Kwa hiyo vile sita vya Gutenberg usivifute kwenye simu.

Kobo ya Kirumba
Baba Kulwa na mimi nina la kuuliza, sio langu, la shemeji. Ana Kindle ya 2024, taipu C kwa taipu C na simu yake, waya ni mzima maana kwa kompyuta unahamisha, lakini kwenye simu Kindle inakula chaji tu, folda haitokei.

Baba Kulwa
Hizo za 2024 hazijitokezi kama flashi tena, zinatumia MTP, kwa hiyo inategemea simu yake inajua kuifungua au haijui. Nimeona simu moja ikifungua na nyingine ya bei ileile ikagoma. Mwambie ashushe ile arifa ya USB juu ya kioo cha simu aone nani anamuongoza nani, simu au Kindle, na kama kuna pa kubadili abadili. Ikigoma sina jibu, atumie imeili.

Kobo ya Kirumba
Yuko Sengerema, akija Jumamosi nitamshikia simu mwenyewe nije niseme.