Ushauri: je, niyakusanye jiko na vyoo viwili kwenye ukuta mmoja kabla sijachimba msingi?

Mjenzi wa Makunduchi

Assalaam alaykum wanajukwaa. Ninajiandaa kuanza msingi wa nyumba ya vyumba vitatu hapa Makunduchi, na kabla sijamruhusu fundi kutia sururu ardhini ningependa kupata mawazo ya wenye ujuzi wa mabomba.

Nyumba ina urefu wa mita 12 kutoka magharibi, ambako ndiko barabarani, hadi mashariki, ambako ndiko uwani, na upana wake ni mita 10. Kwenye ramani niliyochorewa, chumba kikubwa kiko mbele upande wa kaskazini, na choo chake cha ndani kiko kwenye pembe ya kaskazini-magharibi. Choo cha wote kiko katikati ya ukuta wa kaskazini, na jiko liko pembe ya kusini-mashariki. Karo litachimbwa uwani upande wa kaskazini-mashariki, kwa sababu upande wa kusini kuna kisima cha jirani.

Ardhi yetu ni ya maweni. Ukishapita udongo wa kiganja kimoja unakutana na jabali, na kazi yote ni ya mtaimbo na nyundo. Fundi amenipa makadirio ya mabomba ambayo yamenishtua, na sehemu kubwa yake si bei ya bomba bali ni uchimbaji wa mitaro. Je, nikivikusanya vyoo na jiko pahala pamoja nitapunguza gharama kwa kiasi cha maana, au nitakuwa ninaharibu mpangilio wa nyumba kwa faida ndogo?

Kijana wa Fuoni

Ndugu, utapunguza sana, wala usisite. Weka choo upande mmoja wa ukuta na jiko upande wa pili, kisha bomba la sinki uliunganishe humo humo ndani ya nyumba kwenye bomba la choo la inchi 4. Hapo unatoka nje na bomba moja tu, unatoboa ukuta mara moja, na unachimba mtaro mmoja. Mimi ndivyo nilivyofanya, na bomba nililonunua lilikuwa nusu ya lile alilonunua jirani yangu.

Bi wa Wete

Mimi ningekuomba uwe mwangalifu na ukuta wa pamoja. Nyumba niliyohamia ilikuwa na jiko na choo vilivyogawana ukuta wa matofali ya inchi 6, na mabomba ya maji safi yalichimbiwa pande zote mbili. Baada ya muda rangi ya upande wa jikoni ilianza kuvimba na kutoa chumvi nyeupe juu kidogo ya sakafu, na tukadhani ni unyevu wa ardhini. Tulikuja kubaini ukweli kwa kufunga koki zote usiku, kutia alama kwenye kiwango cha maji ya tangi, na kukuta asubuhi kwamba maji yameshuka bila ya mtu kuyatumia. Kiungio kilikuwa kinavuja ndani ya ukuta. Tulipouvunja tulikuta kwamba mfereji uliochimbwa upande wa choo na ule wa upande wa jiko vilikuwa vinatazamana, na katikati yake tofali lilikuwa limebaki jembamba kama kigae.

Fundi Bomba wa Chake

Waalaykum salaam. Mjenzi, swali lako limekuja kwa wakati wake, kwa sababu jambo hili huamuliwa kwenye ramani. Msingi ukishamwagwa halirekebishiki kwa bei nafuu. Nitaanza na ramani yako, kisha nitarudi kwa Kijana wa Fuoni na Bi wa Wete.

Gharama ya mtaro haitokani na urefu peke yake. Bomba la maji machafu la inchi 4 linahitaji mteremko, na kwa nyumba kama yako mimi hutumia sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Kwa hiyo kila mita unayoiongeza inaongeza pia kina. Kutoka pembe ya kaskazini-magharibi hadi kwenye karo lako ni kama mita 15. Bomba likianza kwenye kina cha sentimita 40, litafika kwenye karo likiwa na kina cha karibu sentimita 78, na karo lenyewe litalazimika kushuka kwa kadiri hiyo hiyo. Jiko nalo litahitaji mtaro wake wa pili wa kama mita 10. Mtaro ukiwa na upana wa sentimita 45, unazungumzia zaidi ya mita 6 za ujazo za jabali litakalovunjwa kwa mkono. Kwenye udongo wa Chake ningekuambia usihangaike sana, lakini kwenu maweni hiyo ni kazi ya siku nyingi.

Sasa tazama mpango mwengine. Hamisha chumba kikubwa kije nyuma. Kwenye ukuta wa nje wa mashariki, ukianzia pembe ya kaskazini, weka choo cha chumba kikubwa chenye upana wa mita 1.6, kisha choo cha wote chenye upana huo huo, kisha ukumbi unaotokea uwani, kisha jiko la mita 3. Vyoo vyote viwili viegemee ukuta wa mashariki, na sinki la jiko liwe chini ya dirisha la ukuta huo huo. Kila bomba litatoboa ukuta na kutoka nje moja kwa moja, na mtaro mmoja utapita sambamba na nyumba, mita moja kutoka ukutani, ukitoka jikoni kuelekea kaskazini. Kutoka usawa wa sinki hadi choo cha mwisho ni mita 5 na kidogo, na mita 3 nyengine zinakufikisha kwenye karo. Jumla ni kama mita 8, na bomba linashuka sentimita 20 tu. Jabali la kuvunja halifiki mita 2 za ujazo.

Ipo sababu nyengine ya kuuchagua ukuta wa mashariki. Kibla chetu hapa Zanzibar kiko karibu kaskazini moja kwa moja. Choo kinachoegemea ukuta wa kaskazini, kama kilivyo cha wote kwenye ramani yako, humfanya mtu akipe Kibla mgongo. Najua wapo wanaoruhusu hilo ndani ya majengo, lakini wenye nyumba wengi huja kuniomba nigeuze choo wakati sakafu imeshamwagwa. Ukuta unaokwenda kaskazini hadi kusini unalimaliza jambo hilo mapema, kwani anayekaa atatazama magharibi au mashariki.

Kijana wa Fuoni amesema kweli kuhusu mtaro mmoja, lakini sikubaliani naye kuhusu kuunganisha sinki ndani ya nyumba. Maji ya choo yanapomwagwa kwa mkupuo hujaza bomba na kuvuta hewa nyuma yake. Sinki likiwa limeunganishwa karibu bila ya bomba la hewa, yale maji yanayokaa kwenye kona iliyo chini ya sinki huvutwa yakaondoka, na njia ya harufu inabaki wazi. Dalili yake ni sinki kugugumia kila choo kinapomwagwa, na harufu kuja jikoni baada ya muda mfupi. Isitoshe, mafuta ya kupikia huganda ndani ya bomba la choo. Bomba la sinki la milimita 50 litoke nje peke yake, liingie kwenye chemba ndogo ya kukamatia mafuta iliyo chini ya dirisha, na kutoka hapo ndipo lijiunge na mtaro kwenye chemba. Bomba la hewa liwekwe kwenye choo cha wote, ambacho ndicho cha juu kwenye mstari, na lipande hadi lipite paa.

Aliyoyaeleza Bi wa Wete ni ya kweli na yanaepukika. Ukuta wa inchi 6 una milimita 150. Mfereji wa kusimama ndani yake usizidi theluthi ya unene, yaani milimita 50, na wa kulala usizidi sudusi, yaani milimita 25. Pande mbili zisichimbwe pahala pamoja; ziachane. Matofali yakiwa na matundu, mfereji wa kulala usichimbwe kabisa. Bomba la inchi 4 halizikwi katika ukuta huo kwa namna yoyote. Kwa mpango niliokueleza, choo na jiko havigawani ukuta hata mmoja, kwa sababu ukumbi umepita katikati.

Mpangishaji wa Paje

Mimi nina nyumba ya wageni ya ghorofa moja, na tatizo langu ni bafu la juu: maji yanatoka kwa unyonge ingawa tangi ni la lita 2,000. Je, nikinunua tangi kubwa zaidi nitapata nguvu?

Fundi Bomba wa Chake

Mpangishaji, ukubwa wa tangi hauongezi nguvu. Kinachoiongeza ni kimo. Kila mita moja ya kimo juu ya bafu hukupa sehemu moja ya kumi ya baa, na safari ndefu kwenye bomba jembamba hukula sehemu ya hiyo nguvu. Mambo ya ghorofa yafungulie uzi wako, kwa sababu yana mengi. Lakini jibu hili linamhusu Mjenzi pia: mnara wa tangi ukiwekwa uwani karibu na ukuta huo wa mashariki, bomba kuu la milimita 25 litapita vyoo vyote viwili na jiko, na matawi ya milimita 20 yatakuwa mafupi. Weka koki ya kufungia kwenye kila tawi. Mabomba ya plastiki yakipita nje yafunikwe, kwa sababu jua letu huyakausha mpaka yakapasuka.

Mjenzi wa Makunduchi

Nimekuelewa vyema, na nimeukubali mpango wa ukuta wa mashariki. Mama yangu hajapendezwa na chumba kikubwa kuhamia nyuma, kwa kuwa alitaka kiwe karibu na sebule, na jambo hilo bado tunalizungumza nyumbani. Ninayo maswali mawili. Nitajuaje kwamba mteremko uko sawa kabla ya kufukia? Na karo litakuwa mita 18 kutoka kisima cha jirani, je, inatosha?

Fundi Bomba wa Chake

Mteremko upimwe kwa mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha maji yaliyomo ndani, kila baada ya mita 2, na si kwa jicho. Kisha ziba mwisho wa bomba, lijaze maji, na usubiri nusu saa. Yakishuka, kuna kiungio kinachovuja. Panapopinda, tumia viwiko viwili vya nyuzi 45 badala ya kimoja cha 90, na weka chemba hapo ili waya wa kuzibulia upite. Usifukie kwa vipande vya jabali vyenye ncha. Laza bomba juu ya mchanga na ulifunike kwa mchanga kwanza.

Kuhusu kisima, siwezi kukuambia inatosha. Watu wengi huitaja mita 15 kuwa ndiyo ya chini kabisa, na wengine husema 30, lakini jabali letu lina mianya, na maji hupita ndani yake kwa kasi bila ya kuchujwa kama yanavyochujwa na mchanga. Mimi ningelijenga karo lenyewe lisilovuja hata chini, na shimo la kunyonya ningelisogeza mbali zaidi kaskazini, hata kama bomba la kati yake litaongezeka. Mita hizo ndizo ambazo sitakushauri uzipunguze.

Bi wa Wete

Zungumza na jirani kabla ya kuchimba, na mwangalie pamoja maji ya kisima yanaelekea wapi wakati wa masika. Huenda yeye ana hesabu yake ya pahala pa karo.