Mrejesho: bili ya gesti ya Moshi

Niliuliza: “Picha ya bili inaonyesha jumla ya shilingi 253,700, mbona ni kubwa hivi?”

Wakuu, nashukuru. Nilipoikuza picha niliona bei ya chumba ni 50,000 kwa usiku, lakini usiku zimeandikwa 4, ilhali niliingia tarehe 12 na kuondoka tarehe 15 asubuhi, yaani usiku 3. Mhudumu alihesabu tarehe. Chumba 150,000 na chakula cha jioni 15,000 ni 165,000, na VAT ya asilimia 18, yaani 29,700, inafikisha 194,700. Tofauti ni 59,000, si 50,000 niliyotaka kudai kwa haraka, kwa kuwa usiku ule wa ziada ulitozwa kodi pia. Mapokezi wamezirudisha zote kwa simu.