Niongeze laki nne kwa ajili ya SOS ya satelaiti?

Muuliza, Pangani: Wadau, napeleka wageni Saadani na Maziwe, kuna sehemu mtandao unakata kabisa. Muuzaji ananiambia niache iPhone 13 niongeze laki nne nichukue 14 sababu ina satelaiti. Niongeze?

Fundi wa Ngamiani: Usiongeze kwa sababu hiyo. Kuanzia 14 kweli kifaa kimo ndani, ila huduma inaangalia nchi uliyosimama, na Tanzania haimo kwenye orodha ya Apple. Kwa wenzetu ukipiga namba ya dharura mtandao ukiwa umekata, simu inakuletea kitufe cha kutuma meseji kwa satelaiti. Huku hakitokei, utazungusha simu angani mpaka chaji iishe.

Dada wa Chumbageni: Fundi hapo sikubaliani na wewe, satelaiti si zinazunguka dunia nzima jamani, shemeji yangu alitumia Marekani ikakubali simu ileile, si lazima itafanya na Tanga?

Fundi wa Ngamiani: Dada, kupita zinapita. Lakini hizo za Globalstar anazotumia Apple ni kama kioo tu, inapokea meseji yako inairusha saa hiyohiyo kwenye kituo cha ardhini, kwahiyo lazima ikuone wewe na ikione kituo kwa wakati mmoja. Halafu awepo mtu wa kuipokea na kuwapigia waokoaji wa huku. Iridium ndio tofauti, zile zinapeana meseji zenyewe kwa zenyewe huko juu mpaka ifike, ndio maana kidude cha Garmin inReach kinafanya kazi hata katikati ya bahari. Ila kile unalipia kila mwezi, na kabla ya kununua waulize TCRA habari ya kibali.

Mvuvi Kigombe: Mimi simu yangu ya laki moja satelaiti inayo mbona, injini ilituzimikia nje ya Maziwe usiku ramani ikanionyesha nilipo kabisa!

Nahodha Mstaafu: Mwanangu, hiyo ni GPS, inasikia tu haisemi. Ulijua ulipo, nyumbani hawakujua. Mlitokaje?

Mvuvi Kigombe: Maji yalitusogeza, kijiti kimoja cha mtandao kikaja, nikanakili zile namba nikamtumia kaka kwa SMS ya kawaida. Wasapu ilikuwa inazunguka tu, SMS ikaenda. Wakaja alfajiri.

Nahodha Mstaafu: Umefanya vizuri. Muuliza, wewe unabeba roho za watu, hiyo laki nne ianze kuchangia PLB ya 406 MHz, kile kidude cha dharura ambacho ukikiwasha kinatuma ishara ya kuomba msaada kwa satelaiti. Haina ada ya mwezi, lakini isajili kwa jina lako na namba ya mtu wa nyumbani, maana ukiiwasha hao ndio wanapigiwa kwanza.

Muuliza, Pangani: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Sasa nikiiwasha saa nane usiku, boti inatoka wapi kuja kunichukua, Tanga au Dar?

Nahodha Mstaafu: Marahaba. Hapo ndipo na mimi ninapokosa usingizi.