Notisi ya kodi ya kampuni imekuja kwa jina langu: nilipe kwa awamu, nipinge, au niiache kampuni ipinge?

Mzigo_Busia
Ndugu zangu, habari za kazi. Tarehe 3 Juni nimepokea barua ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, inayonitaja mimi binafsi, si kampuni. Kampuni yetu ya malori ilikuwa inadaiwa kodi ya ongezeko la thamani shilingi milioni 48, ya mwaka 2022. Ukiongeza riba ya miezi 20, imefika milioni 67.2. Februari 2023 mkurugenzi mtendaji aliuza malori mawili tuliyokuwa nayo, na mnunuzi ni kampuni yake nyingine. Toka hapo kampuni yetu haina kitu. Mimi nilikuwa mkurugenzi mwenye hisa 15 kwa mia na nilihudhuria vikao tu, ofisini sikukaa. Naona njia tatu: niombe kulipa kwa awamu yaishe, nipinge kwa jina langu, au niache kampuni ipinge hesabu yenyewe. Ipi ina nafuu?

Kaka_Koboko
Usilipe hata shilingi. Kampuni ni mtu mwingine kisheria na deni lake si lako. Wakikutaka wewe, lazima waende Mahakama Kuu waombe pazia la kampuni lifunuliwe. Sheria ya Makampuni ya 2012 ndivyo inavyosema. Barua peke yake haina nguvu.

Mama_Hesabu
Kaka, njia hiyo ipo kweli. Mahakama Kuu inaweza kufunua pazia kukiwa na ukwepaji kodi au udanganyifu. Ila mlango si huo mmoja. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2014 inamfikia mkurugenzi moja kwa moja, na barua ya namna hii kwa kawaida inatoka huko. Akiipuuza kwa kungoja kesi, atashtukia benki yake imeandikiwa itoe pesa kwenye akaunti yake.

Mzigo, kabla ya kuchagua njia, soma barua uone wamekushika kwa lipi. Kuna mambo mawili, na utetezi wake haufanani. La kwanza ni mpango uliofanywa ili kampuni ishindwe kulipa kodi, au uliozaa matokeo hayo hata kama nia haikuwa hiyo. Hapo kila aliyekuwa mkurugenzi siku mpango unafanyika anabeba deni pamoja na wenzake, na URA wanaweza kulidai lote kwa yule aliye rahisi kumpata. La pili ni mwakilishi wa kodi wa kampuni aliyekuwa na pesa za kampuni mkononi, kodi imeshaiva, naye akazitumia kwa mengine. Kwa ulivyoeleza, malori yanaangukia la kwanza.

Mzigo_Busia
Ni la kwanza, mama. Wametaja "mauzo ya mali ya kampuni kwa mtu mwenye uhusiano".

Mama_Hesabu
Basi maswali ni haya. Ulipata faida yoyote kutokana na mauzo yale? Ulikuwa kwenye uendeshaji wa kila siku? Ulijua, au mtu mwenye akili zake katika nafasi yako angepaswa kujua? Kama hukufaidika, hukuendesha na hukuwa na namna ya kujua, una utetezi wa kweli. Kuna utetezi mwingine kwa aliyekuja kujua akawaarifu URA mara moja kwa maandishi. Kusema tu "sikuhusika" hakusaidii. Ambatanisha taarifa yako ya benki ya miezi ile kuonyesha hakuna pesa ya malori iliyoingia, kumbukumbu za vikao, na ushahidi wa nani alikuwa anasaini hundi.

Una siku 45 toka uipokee kuweka pingamizi. Kwa hesabu yangu mwisho wako ni tarehe 18 Julai. Andika tarehe ya kupokea kwenye barua yenyewe na utunze bahasha.

Dada_Malaba
Na mimi barua kama hiyo ilinijia ya duka langu! Ni jina la biashara nililosajili mwenyewe. Huo utetezi wa kutojua naweza kuutumia?

Mama_Hesabu
Hapana, dada. Jina la biashara si kampuni. Deni la duka ni lako toka mwanzo. Wewe pinga kiasi tu, kama hesabu si sahihi.

Fundi_Jinja
Mzigo, kuhusu njia ya tatu nakuomba usikie yaliyonikuta. Mhasibu wetu aliweka pingamizi kwenye mfumo kwa namba ya mlipakodi ya kampuni. Nikatulia, najua tumepinga. Pingamizi lile lilikuwa la hesabu ya kampuni. Notisi yangu binafsi hakuna aliyeigusa, siku 45 zikapita. Ijumaa moja nakwenda kutoa ada ya watoto, keshia anageuza kompyuta nione: salio lipo, lakini limefungwa. Nilimaliza miezi nikiomba muda wa ziada, na hapo lazima ueleze sababu ya kuchelewa. Weka kwa namba yako wewe, uchapishe uthibitisho.

Mama_Hesabu
Asante Fundi, hapo ndipo wengi wanaumia. Ukitaka, weka yote mawili: kampuni ipinge kiasi, wewe upinge kuunganishwa na deni. Kamishna ana siku 90 za kujibu pingamizi. Zikipita kimya, unaweza kumwandikia kwamba unalihesabu limekubaliwa. Akikataa, una siku 30 kwenda Baraza la Rufaa za Kodi. Jiandae kifedha, maana huko unaweza kutakiwa kuweka asilimia 30 ya kodi iliyokadiriwa. Kwa milioni 48 ni milioni 14.4.

Kaka_Koboko
Milioni 14 kwa mtu anayesema hadaiwi? Si bora awamu basi?

Mama_Hesabu
Awamu ina faida yake. Riba ni asilimia 2 kwa mwezi, yaani 960,000 kila mwezi kwa deni hili, na kupinga hakuisimamishi. Aliyefaidika na mauzo asipoteze muda, aombe awamu. Ila mwenye utetezi akiandika "naomba kulipa polepole" kabla ya kupinga, barua hiyo inaweza kusomwa kama amekiri. Pinga kwanza. Mazungumzo ya suluhu na URA yanawezekana pingamizi likiwa ndani.

Mzigo_Busia
Nimekaa na faili usiku huu. Kuna kumbukumbu ya kikao cha Januari 2023, na sahihi yangu ipo ukurasa wa mwisho. Inasema "bodi imeridhia kuuza magari chakavu". Bei haipo, mnunuzi hatajwi. Siku ile nilipewa laki tatu ya kikao kama kawaida.

Mama_Hesabu
Hapo pamekuwa pagumu, sikufichi. Laki tatu unaweza kuitetea ukionyesha ulilipwa hiyo hiyo kila kikao cha nyuma. Sahihi ndiyo inayonisumbua. Watauliza kwa nini hukuuliza anauziwa nani, na kama uliona taarifa za deni la kodi kwenye kikao hicho au kabla. Ajenda ilitaja kodi?

Fundi_Jinja
Mimi naona amepona, mnunuzi hakutajwa.

Mama_Hesabu
Sina hakika, Fundi. Nimeona watu wazima wakibishana juu ya hilo. Na usiifiche karatasi hiyo, Mzigo, kwa sababu mkurugenzi mtendaji anayo nakala na atakuwa wa kwanza kuitoa. Iweke wewe mwenyewe, na maelezo yake pembeni.

Mzigo_Busia
Ajenda ya kikao hicho sina. Kesho asubuhi naenda kwa aliyekuwa katibu wetu, Tororo. Leo ni siku ya 11.